Hodi kwa njia ya simu: namna mwaliko wa harusi wa katuni unavyotengenezwa

Harusi ya watu wa Ziwa Tanganyika mara nyingi hugusa nchi zaidi ya moja. Bibi harusi huweza kuwa wa Ujiji nchini Tanzania, bwana harusi akawa wa mtaa wa Buyenzi mjini Bujumbura, na shangazi anayesubiriwa kwa hamu akawa Uvira, upande wa Kongo. Kadi ya karatasi huchelewa mipakani, na mjumbe wa kupita nyumba kwa nyumba hawezi kufika kote. Ndiyo maana familia nyingi sasa hutuma mwaliko kwa simu, na zipo zinazotaka kadi hiyo iwe video fupi ya katuni: mhusika mchangamfu anapiga hodi, muziki unaanza, majina yanajitokeza, kisha tarehe na mahali.

Wanaojaribu kuitengeneza kwa mara ya kwanza huogopa kuchora. Kwa kweli mchoro si jambo linaloharibu mialiko hii. Kinachoiharibu ni muda: ama maandishi yanapita kabla hayajasomwa, ama mgeni anasoma saa ya nchi isiyo yake na kufika ndoa ikiwa imekwisha kufungwa. Maelezo yafuatayo yanafuata mwaliko mmoja wa mfano tangu maneno yake hadi kutumwa kwake. Majina ni ya kubuni: Zainabu Hamisi wa Ujiji anaolewa na Issa Ramadhani wa Buyenzi, na ndoa itafungwa nyumbani kwa wazazi wa bibi harusi.

Maneno hutangulia picha

Kazi huanza kwa kalamu na karatasi. Andika kila neno litakaloonekana, kisha uligawe katika sehemu ambazo kila moja inabeba jambo moja tu: nani anaalika, nani wanaoana, lini, wapi, na namna ya kujibu.

Baada ya hapo soma kila sehemu kwa sauti, polepole, kana kwamba unamsomea mzee aliye pembeni yako, huku mtu mwingine akihesabu sekunde. Muda uliotumia, ongeza sekunde 3. Ya kwanza ni ya maandishi kuingia na kutulia, na mbili zilizobaki ni za jicho kurudi nyuma kuhakikisha. Jumla hiyo ndiyo urefu wa chini wa sehemu hiyo katika video.

Kipimo hiki hufichua jambo ambalo karatasi hulificha. Maneno "Jumamosi, 14 Novemba 2026" yanaonekana mafupi, lakini msomaji wa Kiswahili huyatamka moyoni hivi: Jumamosi, tarehe kumi na nne Novemba, elfu mbili ishirini na sita. Ukiongeza "ndoa saa 10:00 alasiri, saa za Tanzania", kusoma mara moja kunachukua takriban sekunde 7. Kwa hiyo tarehe na saa zinahitaji sekunde 10 kamili, ilhali majina ya maharusi, yaliyoandikwa kwa herufi kubwa za kupendeza, yanatosheka na 6 au 7. Watengenezaji wengi hufanya kinyume: majina hucheza kwenye kioo kwa muda mrefu na tarehe hupita kama upepo.

Kipimo hicho hicho hukata maneno ya ziada. Rasimu ya kwanza ya mwaliko wetu ilisema familia mbili "kwa furaha kubwa na heshima isiyo na kifani zinakualika wewe pamoja na familia yako". Sentensi hiyo peke yake ingehitaji zaidi ya sekunde 12. Imebaki hivi: "Familia ya Mzee Hamisi wa Ujiji na familia ya Mzee Ramadhani wa Buyenzi zinakualika." Heshima haikupotea, kwa sababu wazazi wametajwa kwanza, kama inavyopasa, na mengine yataonyeshwa na mhusika kwa vitendo.

Saa 10 ya nchi gani?

Hapa ndipo mwaliko unaovuka mpaka unapohitaji uangalifu wa pekee. Tanzania, Kenya na Uganda hufuata saa za Afrika Mashariki. Burundi, Rwanda na mashariki ya Kongo hufuata saa za Afrika ya Kati, zilizo nyuma kwa saa moja. Ndoa ya saa 10 alasiri Ujiji hufungwa wakati saa ya ukutani Bujumbura na Uvira inaonyesha saa 9.

Mgeni anayevuka mpaka wa Mabanda na Manyovu akiwa na saa ya mkononi aliyoirekebisha Bujumbura, akaamini kwamba saa 10 iliyoandikwa ni hiyo anayoiona mkononi, atafika saa 11 ya Tanzania. Atawakuta watu wanakula. Simu iliyounganishwa na mtandao kwa kawaida hujirekebisha yenyewe mara inaposhika mawimbi ya nchi mpya, lakini karibu na mpaka inaweza kuendelea kushika mnara wa nchi iliyoachwa, na saa ikabaki ya zamani.

Wengine hujaribu kutatua jambo hili kwa kuandika saa zote mbili kwenye picha moja. Matokeo yake ni mabaya zaidi, kwa sababu mtu anayeangalia haraka hukumbuka namba moja tu, na huenda ikawa ile isiyomhusu. Njia iliyo salama ni kutengeneza matoleo mawili ya video, tofauti yao ikiwa ni sehemu moja tu ya tarehe. Toleo la wanaosafiri na wenyeji wa Ujiji linasema: "saa 10:00 alasiri, saa za Tanzania". Toleo la wale watakaofuatilia ndoa kwa simu wakiwa nyumbani Bujumbura au Uvira linasema: "saa 9:00 alasiri, saa za Burundi na Uvira". Kwa kuwa picha, muziki na mhusika havibadiliki, toleo la pili ni kazi ya dakika chache.

Liko kosa jingine dogo linaloleta balaa kubwa, nalo ni siku ya juma kutolingana na tarehe. Hutokea pale familia inaposogeza harusi kwa siku moja na mtengenezaji akabadilisha namba bila kubadilisha neno. Fungua kalenda na uhakikishe kwa macho: 14 Novemba 2026 ni Jumamosi kweli. Vilevile usiandike "saa 10" bila kutaja sehemu ya siku. Kuna wageni waliozoea kuhesabu saa kwa Kifaransa au Kiingereza, na kwao kumi huweza kuwa asubuhi.

Muziki ndio unaopima video

Baada ya kujua kila sehemu inahitaji sekunde ngapi, tafuta muziki utakaozipokea. Watu wengi huchagua wimbo kwanza kisha wakalazimisha maneno yaufuate, na hapo ndipo tarehe inapobanwa.

Muziki wa mwaliko wetu ni dufu na sauti za akina mama wa familia, umerekodiwa kwa simu sebuleni. Mwendo wake ni mapigo 96 kwa dakika. Kujua mwendo wa muziki wowote ni rahisi: gonga kidole kwenye meza kufuata pigo, hesabu migongo kwa sekunde 15, kisha uzidishe kwa 4. Migongo 24 inatoa 96.

Namba hiyo ina faida. Kwa mapigo 96, mzunguko mmoja wa mapigo manne huchukua sekunde 2 na nusu. Mizunguko 16 inatimiza sekunde 40, urefu unaotosha mwaliko bila kumchosha mtu. Video ikitengenezwa kwa picha 24 kila sekunde, pigo moja linaangukia kila baada ya picha 15 kamili, na mzunguko mmoja ni picha 60. Kwa hiyo sehemu zote zinaweza kuanza juu ya pigo bila kukisia.

Mgawanyo wetu ni huu. Mlango na hodi vinapata mizunguko 2, sawa na sekunde 5. Familia zinazoalika zinapata 3, yaani sekunde 7 na nusu. Majina ya maharusi yanapata 3. Tarehe na saa zinapata 4, ambazo ni sekunde 10. Mahali panapata 2, na kuaga kunapata 2. Jumla ni 16. Ukibadilisha picha juu ya pigo la kwanza la mzunguko, jicho na sikio hupokea habari kwa pamoja, na mtazamaji huona kazi imetulia hata kama hajui sababu.

Wapigaji wasiotumia kipima mapigo huongeza kasi kadiri wanavyochangamka. Ukirekodi dufu, mmoja wao awe na simu nyingine sikioni inayotoa mlio wa mapigo 96, la sivyo kufikia mzunguko wa kumi picha na muziki vitakuwa vimeachana. Acha pia pigo la mwisho lififie lenyewe. Muziki uliokatwa katikati ya sauti humfanya mtu afikiri video imeharibika.

Kuhusu nyimbo za wasanii, kununua au kupakua wimbo hakukupi ruhusa ya kuutia katika video na kuisambaza. Ruhusa hutolewa na mwenye haki, na ofisi za hakimiliki kama COSOTA nchini Tanzania na OBDA nchini Burundi zinaweza kukuelekeza. Mitandao mingi ya kuweka video hutambua wimbo yenyewe na kuweza kunyamazisha sauti. Kumwomba shangazi aimbe huondoa tatizo hilo, na pia huufanya mwaliko utambulike kuwa wa ukoo huo.

Bibi anayepiga hodi

Mhusika wetu ni bibi kizee aliyejifunga kanga, anayefika mlangoni na kadi mkononi. Kabla ya kuchora, ulizeni familia zote mbili, kwa kuwa wapo wasiopenda mchoro wa mtu mwenye uso katika mwaliko wa ndoa. Kwao unaweza kuchora mikono miwili tu inayofungua mlango na kutoa kadi, na hatua nyingine zote zikabaki kama zilivyo.

Bibi huyu hachorwi upya mara mia. Anachorwa mara moja, kwa vipande, kama mwanasesere wa karatasi: kiwiliwili chenye kanga, kichwa, macho yaliyo wazi, macho yaliyofumba, mkono wa kulia wenye kadi, na mkono wa kushoto. Unaweza kuchora kwenye karatasi nyeupe kwa wino mweusi, kupiga picha karibu na dirisha, kisha kupaka rangi na kuondoa mandhari kwa programu ya kuchorea. Kila kipande huhifadhiwa peke yake kama faili ya PNG, ambayo huacha sehemu isiyochorwa kuwa wazi kama kioo.

Programu za simu kama CapCut au KineMaster huruhusu kupanga vipande hivyo tabaka juu ya tabaka na kuvipa mwendo kwa zana ya Keyframe: unaonyesha kipande kiko wapi mwanzoni na kiko wapi mwishoni, nayo programu hujaza katikati. Hapa wengi hukwama. Wanapozungusha mkono, mkono hauinuki kutoka begani, bali huzunguka kama rungu lililorushwa hewani. Sababu ni kwamba programu hizi huzungusha picha kwa kitovu chake, nacho kitovu cha mkono uliochorwa kiko kiwikoni.

Dawa yake ni kubadilisha karatasi, wala si mkono. Tengeneza mraba mkubwa mtupu, kisha uuweke mkono ndani yake kwa namna ambayo bega linaangukia katikati kabisa ya mraba, na nusu nyingine iachwe tupu. Ukiuzungusha mraba huo, kitovu chake ni bega, na mkono unainuka kama mkono wa mtu. Kichwa nacho kifanyiwe vivyo hivyo, shingo ikiwa katikati. Upande wa begani chora mviringo unaoingia kidogo chini ya kanga, ili mkono unapopanda usiache pengo. Njia hii ina mpaka wake: mkono utakuwa wa kipande kimoja usiokunjika kiwiko. Kwa kutoa kadi na kupunga, hilo linatosha.

Sasa mwendo wenyewe. Katika mzunguko wa kwanza mlango umefungwa, na hodi inasikika mara tatu, katika picha ya 15, ya 30 na ya 45. Usiiweke hodi ya kwanza mwanzoni kabisa, kwa kuwa simu nyingi huchelewa kidogo kuanza sauti na itamezwa. Katika picha ya 60, pigo la kwanza la mzunguko wa pili, mlango unaanza kufunguka, na bibi yuko hapo.

Mtu huhisi kwamba bibi ni mchangamfu kutokana na mambo madogo, wala hayatokani na kurukaruka kwake. La kwanza ni kupepesa macho: kila baada ya sekunde 3 au 4, badilisha macho yaliyo wazi kwa yaliyofumba kwa muda wa picha 3 tu. La pili ni pumzi: kiwiliwili kipande kidogo mno na kushuka, sehemu moja ya mia ya urefu wake, kwa mzunguko wa sekunde 3 hivi. Bila mambo haya mawili, mhusika anayesimama kimya kwa sekunde 10 huonekana kama picha iliyoganda, na mtazamaji hudhani simu imekwama.

La tatu ni kutazama kabla ya kutenda. Kichwa kielekee upande wa maandishi kwanza, kisha baada ya picha 6 mkono ufuate. Jicho la mtazamaji hufuata macho ya mhusika, kwa hiyo litakuwa limefika kwenye tarehe kabla hata mkono haujaionyesha. Mkono uanze polepole, ushike kasi, kisha upunguze mwendo unapofika. Programu huwa na mstari wa mwendo unaoweza kupindwa kwa kazi hiyo. Baada ya hapo bibi atulie. Wakati tarehe iko kwenye kioo, hakuna kitu kingine kinachopaswa kucheza isipokuwa pumzi na kope.

Angalia pia mkono unaotoa kadi. Programu nyingi zina kitufe cha kugeuza picha kama kwenye kioo, na hutumika mhusika anapohitajika kuelekea upande wa pili. Ukikibonyeza, mkono wa kulia unakuwa wa kushoto, na bibi anamkabidhi mgeni wako kadi kwa mkono ambao wazee hawautumii kutolea kitu. Maandishi ya kanga nayo yanasomeka kinyumenyume. Ikibidi kumgeuza, chora upya kipande cha mkono.

Maandishi na uwanja wake

Kanga yenyewe inatoa mpangilio mzuri wa kioo cha simu. Ina pindo pembeni, mji katikati, na jina, yaani maneno, chini ya mji. Zungushia picha yako pindo lenye nakshi, acha mji uwe wa rangi moja tulivu, na maandishi yote yakae humo. Nakshi ikiingia nyuma ya herufi, tarehe haisomeki.

Tengeneza video ya kusimama, yenye upana wa nukta 1080 na kimo cha nukta 1920, kwa kuwa ndivyo simu inavyoshikwa. Acha takriban nukta 250 juu na 250 chini bila maandishi yoyote, maana mwaliko ukiwekwa kwenye hadhi ya WhatsApp, jina la mtumaji hukaa juu na sehemu ya kujibia hukaa chini. Tarehe iandikwe kwa ukubwa wa nukta 90 hivi, na hakuna herufi iliyo chini ya 50. Kisha ipeleke simu nje juani, inyooshe mbali kwa urefu wa mkono, na ujaribu kusoma. Usichoweza kusoma hapo, mama mwenye umri wa miaka 60 hatakisoma popote.

Herufi za mapambo zina mtego katika ukanda wetu. Majina mengi ya Burundi na Kongo huandikwa kwa alama za Kifaransa juu ya irabu, kama ilivyo katika jina Béatrice. Aina nyingine za herufi hazina alama hizo, na mahali pake hutokea kisanduku kitupu. Kabla ya kuchagua aina ya herufi, andika nayo majina yote ya mwaliko kama yalivyo katika vyeti vyao.

Kumbuka kwamba wageni wengi hufungua video sauti ikiwa imezimwa, wakiwa kazini au ndani ya gari. Kila jambo muhimu lazima lionekane. Na kinyume chake, wako wazee wasiosoma vizuri, kwa hiyo sauti ya mtu wa familia ikiyasoma maneno hayo hayo juu ya muziki ni heshima kwao. Irekodi katika chumba chenye nguo na mapazia mengi ili isirudi mwangwi, na ushushe muziki hadi karibu robo ya kiwango chake wakati wa usomaji. Mdomo wa bibi usijaribu kuifuata sauti hiyo, kwa kuwa mdomo usiokwenda na maneno humfanya mhusika aonekane mwongo. Atabasamu tu.

Uzito wa faili

Video inapotolewa, programu huuliza kiasi cha habari kwa kila sekunde, kinachopimwa kwa megabiti. Hesabu ni nyepesi: zidisha megabiti kwa sekunde, kisha ugawe kwa 8 upate megabaiti. Megabiti 2.5 kwa sekunde 40 ni 100, na ukigawa kwa 8 ni megabaiti 12.5. Sauti huongeza kasoro ya megabaiti 1. Faili ya MP4 ya uzito wa megabaiti 13 inapita kwa urahisi, kwani hata kiwango cha megabaiti 16, ambacho kwa miaka mingi kilikuwa mpaka wa video za WhatsApp, hakijafikiwa.

Lakini megabaiti 13 ni fedha kwa mgeni anayenunua mtandao kwa kidogo. Toa toleo jepesi la nukta 720 kwa 1280, kwa megabiti 1.2 kila sekunde, nalo litakuwa na takriban megabaiti 6. Kwa katuni yenye rangi tulivu, tofauti haionekani sana kwenye kioo kidogo. Usichukue video iliyokwisha kupokewa, ukaihariri na kuituma tena, kwa kuwa kila inapopakiwa upya hubanwa upya, na kingo za herufi huanza kuchafuka. Sahihisha kutoka faili ya asili daima.

Picha ya kwanza kabisa isiwe nyeusi. Aghalabu hiyo ndiyo inayoonekana kabla mtu hajafungua video, na kisanduku cheusi hupuuzwa. Yetu inaonyesha mlango wenye maneno "Mwaliko wa harusi".

Kabla ya kuituma

Video ikishasambaa hairudishwi. Unaweza kuifuta mahali ulipoituma wewe, lakini aliyoisambaza mwingine itaendelea kuzunguka. Kwa hiyo kabla ya kuituma, ionyesheni kwa watu watatu. Mmoja wa kila familia aangalie majina na mpangilio wa wazazi, kwa kuwa kutangulizwa au kusahauliwa kwa jina kumewahi kuvunja undugu. Wa tatu awe mtu asiyejua lolote kuhusu harusi hiyo. Mwonyeshe mara moja tu, ichukue simu, kisha umwulize: nani wanaoana, siku gani, saa ngapi za nchi gani, na wapi? Asipojibu moja, sehemu hiyo ndiyo yenye kasoro, na kwa kawaida inahitaji muda zaidi au maneno machache zaidi.

Namba ya simu ya kuthibitisha isiwekwe ndani ya video. Namba iliyo kwenye picha inayokwenda haiwezi kubonyezwa, na inapozunguka kwa watu msiowajua huwapa matapeli njia ya kuomba michango kwa jina la familia. Iandikeni kwenye ujumbe wa maandishi unaofuatana na video, pamoja na maelezo ya njia. Iwe na namba ya nchi mwanzoni, +255 kwa Tanzania, maana namba inayoanza na 07 haimfikii mtu anayepiga kutoka Bujumbura. Sehemu ya mwisho ya video yetu inasema tu: "Karibu sana. Thibitisha kabla ya Oktoba kuisha," huku bibi akipunga mkono na dufu likififia.

Na ikitokea tarehe ikabadilika, msitume video ileile yenye namba mpya, kwa sababu aliyekwisha kuiona ya kwanza hataifungua ya pili. Badilisheni rangi ya mlango, na juu yake, katika picha ile ya kwanza, andikeni neno moja kubwa: "Marekebisho". Shangazi wa Uvira akiona mlango uliokuwa wa kijani umekuwa mwekundu, ataufungua tena.